Ankara Moja, Miezi Mitatu

NEEMA: Karibuni kwenye kipindi. Leo tunazungumzia tarehe nne zinazoiandama kila ankara: tarehe ya bili, tarehe ya ankara, tarehe ya mwisho wa kulipa na tarehe ya malipo. Kaka Salim, watu wanafungua ripoti ya mauzo, ya madeni na ya fedha zilizoingia, na kila moja inasema lake. Wanadhani mfumo umeharibika.

SALIM: Na mara nyingi mfumo uko sawa kabisa, dada. Tuchukue ankara moja tuifuate mpaka mwisho. Kampuni ya usafi imehudumia ofisi za mteja mwezi mzima wa Machi. Usiku wa tarehe 31 Machi mfumo unakusanya kazi zote za mwezi na kupiga hesabu ya kila mteja. Hiyo ndiyo tarehe ya bili. Lakini kilichotoka pale ni rasimu tu.

NEEMA: Mteja bado hajaona kitu.

SALIM: Hajaona. Msimamizi anapitia saa za kazi, anasahihisha mbili tatu, na anaidhinisha tarehe 2 Aprili. Hapo ndipo hati inapata namba na tarehe yake, kisha inatumwa kwa mteja. Tarehe ya ankara ni 2 Aprili. Wamekubaliana mteja alipe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara, kwa hiyo mwisho wa kulipa ni 2 Mei.

NEEMA: Ngoja kidogo hapo. Ile "tangu" ina uzito. Kuna mikataba inayohesabu tangu siku mteja alipoipokea ankara, na mingine inahesabu siku 30 kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara. Kwa utaratibu huo wa pili, ankara yetu ya 2 Aprili ingekuwa na mwisho wa tarehe 30 Mei.

SALIM: Karibu mwezi mzima wa tofauti, na ankara ni ileile. Kwa hiyo ukiona mfumo unamhesabu mteja kuwa amechelewa naye anakataa katakata, fungua kwanza masharti ya malipo yaliyowekwa kwenye rekodi yake, uyalinganishe na mkataba. Mara nyingi mteja aliwekewa masharti ya kawaida ya mfumo siku aliposajiliwa, na hakuna aliyerudi kuyabadilisha.

NEEMA: Sasa malipo.

SALIM: Mteja anatuma pesa Alhamisi, tarehe 30 Aprili. Benki mbili tofauti, inapita wikiendi, na pesa inaonekana kwenye akaunti ya kampuni Jumatatu tarehe 4 Mei. Karani anaiingiza kwenye leja tarehe 6.

NEEMA: Kumbe hata hiyo "tarehe ya malipo" ni tarehe tatu ndani ya jina moja.

SALIM: Ndiyo, na ugomvi unaanzia hapo. Mteja ana risiti ya tarehe 30, anasema amewahi. Taarifa ya benki inasema tarehe 4, yaani siku mbili baada ya mwisho. Nani yuko sahihi? Mkataba ndio unaoamua kama kulipa ni kutuma au ni pesa kufika. Mkataba ukinyamaza, watabishana.

NEEMA: Turudi kwenye ripoti. Meneja wa mauzo anasema hii kazi ni ya Machi.

SALIM: Na ripoti yake imepangwa kwa tarehe ya bili, kwa hiyo inaonekana Machi. Orodha ya ankara zilizotolewa inaiweka Aprili. Ripoti ya fedha zilizoingia inaiweka Mei. Kazi moja, miezi mitatu, na hakuna ripoti iliyodanganya.

NEEMA: Na mhasibu, anaihesabu mapato ya mwezi gani?

SALIM: Kwa uhasibu wa malimbikizo ni Machi, kwa sababu huduma ilitolewa Machi. Anapofunga mwezi anaandika kiasi hicho kama mapato ambayo hayajatolewa ankara, kisha Aprili ankara ikitoka anageuza lile ingizo. Akisahau kuligeuza, kazi moja inahesabiwa mara mbili. Dalili yake utaiona wazi: akaunti ya mapato yasiyo na ankara inabaki na salio la Machi hata Juni, ilhali kila kitu kimeshadaiwa.

NEEMA: Ripoti inayonisumbua mimi ni ya umri wa madeni. Watu wawili wanaiprinti siku moja na hawapati kitu kimoja.

SALIM: Tuiangalie tarehe 5 Mei. Pesa iko benki, lakini karani hajaiingiza, kwa hiyo leja bado inaliona deni. Ukihesabu umri kuanzia tarehe ya ankara, deni lina siku 33, linaanguka kwenye safu ya siku 31 hadi 60. Ukihesabu kuanzia mwisho wa kulipa, limechelewa siku 3 tu, liko safu ya 1 hadi 30.

NEEMA: Na anayefuatilia madeni atampigia simu mteja ambaye ameshalipa.

SALIM: Atampigia, na hilo linaudhi sana. Kwa kufuatilia madeni mimi napendelea umri uhesabiwe kutoka mwisho wa kulipa, kwa sababu ndiyo unaosema nani amevunja makubaliano. Umri wa tarehe ya ankara unafaa ukitaka kujua pesa yako inakaa nje muda gani. Basi kichwa cha ripoti kiseme wazi ni upi.

NEEMA: Lingine, kaka. Mtu ameprinti madeni ya mpaka 30 Aprili, yamepelekwa kwa wakurugenzi. Baada ya wiki mbili anaitoa tena ripoti ileile, tarehe ileile, na jumla imepungua.

SALIM: Hapo kuna sababu mbili, na lazima uzitenganishe. Ya kwanza, ripoti inachukua ankara za mpaka 30 Aprili lakini inaangalia salio la leo. Ankara yetu ikishalipwa Mei inatoweka hata kwenye orodha ya Aprili. Ripoti ya namna hiyo haifai kwa kufunga mwezi. Unahitaji ile inayojenga upya salio kama lilivyokuwa siku ile.

NEEMA: Na ya pili?

SALIM: Karani, tarehe 6 Mei, ameandika tarehe ya malipo kuwa 30 Aprili, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye risiti ya mteja. Sasa hata ripoti nzuri itasema deni halikuwepo mwisho wa Aprili. Na leja itadai kwamba tarehe 30 pesa ilikuwa benki, wakati taarifa ya benki haina kitu.

NEEMA: Utajuaje ni ipi kati ya hizo mbili?

SALIM: Mifumo mingi inatunza tarehe mbili kwa kila ingizo: tarehe ya muamala, ambayo mtu anaiandika, na tarehe ya kuundwa, ambayo mfumo wenyewe unaiweka. Toa orodha ya malipo yenye tarehe ya muamala ya Aprili lakini yaliyoundwa Mei. Jumla yake ikilingana na pengo, umempata. Orodha ikiwa tupu, lawama iko kwenye namna ripoti inavyosoma salio.

NEEMA: Na kuzuia?

SALIM: Ukishafunga Aprili, funga kipindi kwenye mfumo ili ingizo la tarehe za nyuma likataliwe. Malipo yaingizwe kwa tarehe ya taarifa ya benki. Risiti ya mteja iambatanishwe, na tarehe yake iandikwe kwenye maelezo, itasaidia mkibishana kuhusu kuchelewa.

NEEMA: Na jina la safu? Nimeona mifumo inayoita "tarehe ya bili" kile ambacho sisi tumekiita tarehe ya ankara.

SALIM: Ipo mingi. Usiamini jina. Chukua ankara moja unayoijua vizuri, kama hii ya 31 Machi na 2 Aprili, uitafute kwenye ripoti. Tarehe utakayoikuta kwenye safu itakuambia mfumo unasoma ipi.