Sufuria kubwa la maharage halipoi mezani

Haya ndugu zangu, mama lishe na nyie mnaopika kwenye shughuli, leo naongelea kitu kimoja tu, lile sufuria la lita 20 la maharage ya nazi linalobaki shughuli ikiisha, tunalipozaje kabla halijaingia friji.

Wengi tunasema si nilichemsha, vijidudu vimekufa. Vimekufa kweli, ila kuna bakteria wanaobaki kama mbegu ngumu ambazo kuchemsha hakuziui, zinakaa tu ndani zinasubiri joto lishuke. Likifika digrii 50 kushuka zinaamka, na kwenye 40 na kitu hivi ndo wanazaliana kwa kasi ya ajabu, aina moja inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya kama dakika 10. Ndo wale wa tumbo la kukata na kuharisha kesho yake, na chakula hakinuki wala hakijachacha, kwa hiyo kunusa hakukusaidii chochote.

Muda unaotumika kwenye majiko ya biashara ni huu: kutoka digrii 57 mpaka 21 usizidi masaa mawili, halafu kutoka 21 mpaka 5 masaa mengine manne. Ile hatua ya kwanza ndo kali mana ndo wanapozaliana sana. Saa haianzi ulipoepua, inaanzia hapo kwenye 57, juu ya hapo chakula bado kiko salama.

Sasa fikiria Dar, jiko lenyewe lina digrii 30. Chakula hakiwezi kupoa kuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka, kwa hiyo ukiliacha sufuria mezani hata mpaka alfajiri hiyo 21 hulioni. Na ukilisukuma zima kwenye friji, pembeni litapoa ila katikati litabaki vuguvugu usiku kucha, na huku joto lake linapasha maziwa na nyama za jirani.

Tatizo ni kina. Chakula kizito kikiwa na kina mara mbili, muda wa kupoa unakuwa karibu mara nne. Kwa hiyo gawa. Maharage mazito yasizidi kina cha sentimita 5 kwenye trei, supu nyepesi hata 7 sawa. Trei ya sentimita 50 kwa 30 kwa kina hicho inabeba kama lita 7 na nusu, yani lita zako 20 ni trei tatu.

Kila trei ikalishe kwenye beseni pana la maji ya bomba, maji yafike usawa wa chakula ila yasiingie ndani, koroga na mwiko safi kila baada ya dakika chache, maji yakipata moto mwaga weka mengine. Ikishuka kwenye 40 hivi, maji ya bomba yameshafanya kazi yake, hapo ndo barafu. Usianze na barafu, utamaliza hela bure. Kwa kilo 20 za chakula kutoka 40 mpaka 20, kilo 5 zinatosha kwa hesabu, lakini jua letu linakula barafu, andaa 7 au 8. Mkianzia 60 moja kwa moja mtahitaji karibu mara mbili ya hapo.

Funika na kawa tu au kitambaa safi, mfuniko wa kubana subiri kipoe. Na nunueni themometa ya kuchoma, mchome katikati kabisa, pembeni inadanganya.

Dada pale nyuma anauliza, masaa mawili yakifika na inasoma 30 je? Kama ndo yanafika sasa hivi, rudisha motoni yote ipande mpaka 74, kisha anza kupoza upya, mara moja tu. Kama yameshapita zamani, au hujui yamepita mangapi, mwaga. Tena kwa wali usijidanganye na kupasha, bakteria wa wali anaacha sumu ambayo moto haiiui.

Ikifika 21, trei ziingie friji bila kupandana, hewa ipite katikati, na kabla masaa manne hayajaisha choma tena uone 5.

Kukaa: maharage na mchuzi siku 3, mwisho 4, na siku ya kupika ndo ya kwanza, andika tarehe kwenye plasta ubandike. Wali mimi nasema siku moja tu. Zaidi ya hapo weka friza ukiwa bado mpya, miezi miwili mitatu ladha bado ipo. Umeme ukikatika msifungue friji, mlango ukiwa umefungwa inahimili kama masaa manne, ikizidi hapo chomeni themometa kwanza ndo muamue.