Elfu mia mbili na ngapi?
(Mhadhara kwa washereheshaji)

Ndugu zangu washereheshaji, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Wapo hapa walionisikia nikilisema hili mara tatu au nne. Nitalisema tena, maana kosa lenyewe bado linaishi.

Niliwahi kukaa safu ya nyuma kwenye sherehe ya upandaji miti. Mshereheshaji, mwenye sauti nzuri kabisa, akamtambulisha mgeni rasmi: “Kikundi chake kimeotesha miche elfu mia mbili na nane.” Kulia kwangu alikaa mwandishi wa habari, akaandika 208,000. Kushoto alikaa katibu wa kijiji, akaandika 200,008. Wakatazamana madaftari, wakaanza kubishana kwa kunong’ona. Walipokuja kuinua vichwa, utambulisho ulikuwa umekwisha na jina la mgeni halikuwaingia.

Nani alisikia vibaya? Hakuna. Kiswahili chetu hutanguliza “elfu”, halafu ndiyo zije hizo elfu ni ngapi. Sasa msikilizaji anaposikia “elfu mia mbili”, kisha “na”, hajui kama bado tunazihesabu elfu au tumeshatoka tumeingia kwenye mabaki. “Na” ni ileile kwa kazi zote mbili. Kwenye karatasi kuna mkato unaotenganisha. Sikio halina mkato, na halirudi nyuma kusoma upya.

Mwalimu wa sarufi ataniambia upatanisho unatosha. Ni kweli, na ni jambo zuri kulijua: ukisema “miche elfu mia mbili na minane”, ile “mi-” inaonyesha kwamba minane ni miche, hivyo ni 200,008. Ukisema “na nane”, nane ni za elfu. Lakini angalia unavyoishia. Sita, saba na tisa hazipatani na chochote. Hamsini haibadiliki. Shilingi ukizihesabu, tano inabaki tano. Tena watu wangapi huuacha upatanisho wakiwa na haraka? Msikilizaji hawezi kuutegemea.

Dawa tunayo sokoni kila siku: laki. “Miche laki mbili na elfu nane.” Hapo hakuna wa kubishana. Na zile 200,008 ni “laki mbili, na miche minane”, ukituliza pumzi kidogo kabla ya “na”. Kuna wanaoniambia laki ni lugha ya mtaani, haifai mbele ya mgeni rasmi. Jamani! Muuza mitumba anaielewa, meneja wa benki anaielewa. Unataka heshima gani zaidi ya kueleweka? Na anayesema skrini itaonyesha tarakimu, aende akakae nyuma ya turubai, au awashe redio, halafu anioneshe hiyo skrini.

Kosa mwenza ni “milioni mbili na mia tano”. Mchangiaji ametoa 2,500,000, wewe umeimeza “elfu”, mweka hazina anasikia 2,000,500. Sema “milioni mbili na laki tano”, au “milioni mbili na nusu”.

Tarehe. Kwenye karatasi mmeandikiwa 3/4, msisome “tatu, nne”. Semeni “tarehe tatu, mwezi wa nne”, au “tarehe tatu Aprili”. Walioko pwani wawe waangalifu zaidi: Maulidi huwa mfungo sita, nao mfungo sita si mwezi wa sita. Neno “mfungo” lisidondoke. Miaka, mwaka 2016 ukisomwa haraka, “kumi” humezwa, ikasikika “elfu mbili na sita”. Mgeni ameongezewa miaka kumi ya utumishi. Ukiona wasifu umetaja miaka mitano tofauti, taja mmoja kwa ukamilifu, mingine igeuze: “miaka minne baadaye akahamia Dodoma.”

Vifupisho nitaviendea mbio, muda unakatika. BAKITA na BAKIZA zinatofautiana kwa konsonanti moja, na kipaza sauti kibovu huila hiyo moja. Anza na jina zima, “Baraza la Kiswahili la Taifa”, au “Baraza la Kiswahili la Zanzibar”, ndipo useme kifupisho. TAKUKURU watu wanaijua kama neno, isome kama neno. TBS ni herufi, itamke moja moja, polepole.

Vyeo: “Dkt.” hutamkwa “Daktari”, lakini mwambie msikilizaji ni wa tiba au wa falsafa, la sivyo mgeni atafuatwa nje na wagonjwa. “Yohane Paulo II” ni “wa Pili”. Profesa Mshiriki msimpandishe cheo kwa kumeza neno la pili.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Karatasi za mazoezi ziko mlangoni. Kila moja ina wasifu wa mistari sita; msomeeni jirani, yeye aandike anachosikia, kisha mlinganishe.