Paa la Ndosho: dola 750 na mahali zinapokwenda

Wandugu mafundi, karibuni. Tuangalie devi moja tu, ile karatasi ya makadirio ya bei tunayompa mteja: nyumba ya mbao hapa Goma, mtaa wa Ndosho, paa la kubadilisha. Mnajua wenyewe jinsi mvua iliyochanganyika na moshi wa Nyiragongo inavyokula mabati.

Nyumba ina urefu wa mita 9. Bati likilaliana na jirani yake linafunika kama sentimita 75, basi ni mabati 12 kila upande, 24 yote, na moja la ziada. Tuseme bati ni dola 12: 300. Mbao, misumari, bati la mgongo na usafiri, 145. Vifaa vyote ni 445. Kazi: fundi dola 15 kwa siku, wasaidizi wawili dola 8 kila mmoja, siku 5, ni 155. Jumla 600. Na wewe mwenye kazi ukipanda juu ya paa, siku zako ziandike kwenye kazi. Faida si mshahara wako. Ndiyo inayonunua msumeno mpya na kukutunza wiki usizokuwa na kazi.

Faida tuweke asilimia 15 ya hizo 600: dola 90. Msijidanganye, lakini. Ukilipwa 690, zile 90 ni kama asilimia 13 tu ya pesa uliyoshika.

Sasa akiba ya dharura, dola 60. Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Wengi wanaificha: wanaandika mabati 30, mama mwenye nyumba anahesabu 25, imani imekwisha. Iandikeni wazi, na muandike kwamba ni pesa yake mpaka kitu kionekane. Mbao zilizo chini ya bati kuukuu hakuna anayeziona kabla ya kubomoa. Siku ya kubomoa mwite, chomeka msumari kwa mkono mbele yake. Ukizama bila nyundo, mbao imeoza. Tuseme mbao 4 zimeoza, dola 6 kila moja, na siku moja zaidi ya fundi: 39. Zile 21 zinabaki kwake. Analipa 729, si 750. Mimi siweki faida juu ya akiba, maana ningekuwa nafurahia kila ubao uliooza.

Kuna atakayeona 90 na kusema, "Fundi, toa hiyo." Ukikubali, utaitafuta kwingine, na kwingine ni geji: uliandika 28, unaleta 32, ambalo ni jembamba zaidi. Namba mara nyingi imechapwa kwenye bati lenyewe, ataisoma. Afadhali mpunguze kazi, kwa mfano upande mmoja wa paa usubiri.

Bei ya bati ikipanda dukani, hiyo si kazi ya akiba. Kwa hiyo chini ya devi andika tarehe, na kwamba bei ya vifaa inashika siku 15.