Folda haijafutika, mlango ndio umefungwa

Mafundi wenzangu, nianze na simu ya mama mmoja. Alikuwa amerekodi sauti ya marehemu baba yake, masimulizi ya miaka mitatu, kwa programu ya kinasa sauti. Simu ikasasishwa kutoka Androidi 10 hadi 11, na programu yake ya kuvinjari faili nayo ikasasishwa. Akifungua folda ya `Android/data`, anakuta patupu. Fundi wa kwanza akamwambia kumbukumbu imefutika, pole mama.

Mimi sikugusa folda. Niliingia kwenye mipangilio, orodha ya programu, nikakifungua kile kinasa sauti na kuangalia nafasi kinayotumia. Data yake ilizidi jigabaiti mbili. Kitu kilichofutika hakiwezi kuwa kizito hivyo! Lakini hapo hapo kuna kitufe cha kufuta data, na kidole kikiteleza, msiba unakuwa wa kweli. Wala usiondoe programu ili uiweke upya: ikiondoka, folda yake ndani ya `Android/data` inaondoka nayo.

Sasa, kilitokea nini? Zamani programu ikishapewa ruhusa ya hifadhi, ilizurura nyumba nzima. Programu ya tochi ingeweza kusoma picha ya kitambulisho chako. Androidi 10, mwaka 2019, ikaanza kuweka kuta, ila ikawaachia watengenezaji njia ya kuahirisha. Androidi 11, mwaka 2020, ikaibana njia hiyo: programu zilizotengenezwa kwa toleo hilo hazina budi kufuata. Kila programu ina chumba chake, na jirani haingii. Picha, video na muziki vya pamoja bado vinaombewa ruhusa, lakini `Android/data` ni chumba cha kulala. Hata ukiipa programu ya faili ile ruhusa kubwa ya kufikia faili zote, chumba hicho hakifunguki. Wateja wengi hawaamini hapo; wanadhani wamekosea kubonyeza.

Kwa hiyo nilichomeka simu kwenye kompyuta, nikachagua kuhamisha faili, nikafuata njia hii:

```
Android/data/<jina la kifurushi>/files
```

Jina la kifurushi si lile linaloonekana chini ya aikoni. Huandikwa kwa nukta, mara nyingi likianza na `com`. Rekodi zote zilikuwemo. Tukazinakili kwenye kompyuta kwanza, tukacheza tatu kuhakikisha zinalia, kisha tukaweka nakala kwenye folda ya `Music`, ambako programu nyingine za sauti huzisoma.

Kuna simu ambazo hata kwa kebo folda hiyo haionyeshi kitu. Basi fungua programu yenyewe, maana mwenye chumba hajafungiwa, uzitume rekodi kutoka humo kwa kitufe cha kushiriki, moja moja ikibidi. Yule mama alikuwa nazo mia na kitu, na hata kwa kebo kazi haikuwa ya haraka. Tulikaa hadi magharibi.