Usikimbilie C! Taarifa zinatosha au hazitoshi?

Haya karibuni, leo ni yale maswali unapewa taarifa mbili alafu kazi yako sio kutoa jibu, ni kusema tu zinatosha kulipata au hazitoshi. Machaguo fasta: A ya kwanza peke yake inatosha, B ya pili peke yake, C mpaka uziunganishe, D kila moja inajitosheleza, E hata zote mbili bado.

Swali. Lori limebeba maboksi ya kilo 5 na ya kilo 8, kila aina ipo angalau boksi moja. Ya kilo 8 ni mangapi? Taarifa ya kwanza, uzito wote ni kilo 49. Ya pili, maboksi yote ni 8.

Ngoja, taa inapiga ubaoni hamuoni kitu... nausogeza... haya, sasa hivi inasomeka.

Wengi wanaona 5x + 8y = 49, wanasema vitu viwili havijulikani kwahiyo lazima ikwesheni mbili, C, wanasonga. Mimi nilifanya hivyohivyo kwenye mtihani na nikajiona mjanja kweli. Lakini jamani haya ni maboksi, hakuna nusu boksi!

Ziba ya pili kwa karatasi, mi napenda karatasi kabisa, mkono unasahau. Toa nane nane kwenye 49: 41, 33, 25. Simama, 25 inagawanyika kwa 5. Yani matatu ya kilo 8, matano ya kilo 5. Je kuna mpangilio mwingine? Ili uzito usibadilike inabidi ubadilishane matano ya kilo 8 na manane ya kilo 5, maana pande zote ni kilo 40. Hapa huna matano ya kilo 8 ya kutoa wala huna manane ya kilo 5. Kwahiyo jibu ni moja tu, inatosha.

Sasa hapa taratibu. Hamisha karatasi, ziba ya kwanza, na ile 3 ifute kichwani. Nasema tena, ifute! Kwasababu ukiibeba utaona 5 na 3 ni 8, utasema ahaa nayo inakubali, utaweka D na umekosa. Kukubaliana sio kutosha. Maboksi 8 peke yake, ya kilo 8 yanaweza kuwa 1, yanaweza kuwa 7. Haitoshi. Jibu A.

Badilisha uzito uwe 89 na maboksi yawe 13. Kwa uzito tu unapata 13 ya kilo 5 na 3 ya kilo 8, ila safari hii manane ya kutoa unayo, ukibadilishana unapata 5 na 8. Majibu mawili, haitoshi. Idadi peke yake nayo haitoshi. Toa karatasi: mpangilio wa kwanza una maboksi 16, wa pili 13, umebaki mmoja. Hiyo ndo C halali.