Kukokotoa dozi ya mtoto kutoka picha ya lebo na cheti cha dawa

Tuseme una picha mbili za mazoezi. Ya kwanza ni cheti: mtoto ana kilo 12, ameandikiwa amoksilini 40 mg/kg/siku, igawanywe kila baada ya saa 8. Ya pili ni lebo ya chupa: 250 mg/5 ml, na pembeni 100 ml.

Usishike kalamu bado. Kuza picha ya cheti mpaka usome neno la mwisho la kipimo. Ni "siku", si "dozi". Wanafunzi wengi hujikwaa hapa, na kosa lenyewe halionekani kwa sababu hesabu zinazofuata zote zinakuwa sahihi.

Sasa tuanze. Zidisha 40 kwa kilo 12, unapata mg 480. Hiyo ni dawa ya siku nzima. Siku ina saa 24. Ukigawa kwa 8 unapata dozi 3. Kwa hiyo mg 480 gawa kwa 3, kila dozi ni mg 160.

Tuhamie kwenye lebo. Ile 100 ml ni ujazo wa chupa, iache. Tunachotaka ni mg 250 ndani ya ml 5, yaani mg 50 katika kila ml 1. Andika hivi:

```
160 mg ÷ 50 mg/ml = 3.2 ml
```

Kabla ya kuamini jibu, lipime kwa jicho: mg 160 ni pungufu ya 250, basi mililita lazima ziwe pungufu ya 5. Ungesahau kugawa kwa 3, ungepata ml 9.6 kwa kila dozi, karibu chupa nzima ndani ya siku tatu!

Dawa hii huja ikiwa unga. Kipimo cha kwenye lebo ni cha baada ya kuchanganywa na maji yaliyotajwa, kwa hiyo maji yakizidi au yakipungua, 3.2 yako haina maana. Kijiko cha jikoni nacho weka kando. Tumia sirinji ya kunyweshea, ile isiyo na sindano, yenye mistari ya ml 0.2.

Kuhusu muda, sisi Waswahili tuna mtego wetu. "Saa 8" inaweza kusomeka kama saa nane mchana. Andika saa zenyewe kwenye kadi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, na kando yake 06:00, 14:00, 22:00.

Mwanga ukiwa umefuta tarakimu kwenye picha, au nukta huioni vizuri, usikisie. Ifuate chupa yenyewe. Halafu mpe msimamizi wako cheti na chupa akokotoe mwenyewe, bila kumwonyesha jibu lako. Mkitofautiana, dawa haitolewi mpaka aliyeandika cheti aulizwe.