Mnara Uliobaki Mchangani: Juu ya Kufuta Vitu katika Filamu za Makala

Ndugu msimamizi, walimu wangu, wahariri wenzangu na wanafunzi. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na baadhi yenu zaidi ya mara moja. Nalirudia kwa sababu wiki hii nimeletewa filamu niikague, nikakuta ndani yake kitu kilichofutwa bila mtazamaji kuambiwa, na nilipomuuliza mhariri alinijibu kwa maneno yaleyale niliyoyatumia mimi miaka 12 iliyopita: "Ni kitu cha nyuma tu, hakihusiki."

Nami nilikosea, na nitaeleza nilivyokosea. Tulikuwa tunatengeneza filamu juu ya biashara ya samaki katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Shoti ya kufungulia ilipigwa alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Kamera ilisimama mchangani ikielekea kijijini: ngalawa tatu zimelala ubavu, wanawake wawili wanakuja na mabeseni, nyuma yao minazi, na juu ya minazi mnara wa simu wenye mistari myekundu na myeupe. Aliyegharimia filamu alisema mnara ule unaharibu sura ya asili ya kijiji, akaomba uondolewe. Shoti ilikuwa ya sekunde 11, na kwa fremu 25 kila sekunde hizo ni fremu 275. Kwa kuwa kamera haikutikisika, nilichukua kipande cha mbingu kilicho kando ya mnara nikakibandika juu yake, kisha pale makuti yalipopita mbele ya mnara nikayakata kwa mkono, fremu baada ya fremu. Kazi ile ilinichukua siku mbili, na nakiri kwamba niliifurahia.

Tulipoirudisha filamu kijijini, tuliionyesha kwenye shuka lililotundikwa katika ukuta wa shule. Shoti ile ilipopita, mzee mmoja mvuvi alinyanyua mkono akaniuliza: "Mwanangu, mnara wetu mmeupeleka wapi? Na kama mmeuondoa, mbona huku chini upo?" Nikatazama. Mchanga uliokuwa umelowa ulikuwa kama kioo, na ndani yake, upande wa kushoto, chini kabisa ya picha, mnara ulionekana umesimama kichwa chini, pamoja na mistari yake. Siku mbili nzima nilikuwa nimekodolea macho mbingu, wala sikuangalia ardhi.

Msidhani kosa ninalolieleza ni kule kusahau kivuli cha mnara mchangani. Lau ningekifuta na kile, kosa lingekuwa kubwa zaidi, maana yule mzee asingekuwa na cha kunionyesha. Kosa lilikuwa hili: katikati ya filamu hiyohiyo kulikuwa na mvuvi akieleza kwamba siku hizi, kabla hawajarudi pwani, hupiga simu kuuliza bei katika madiko mawili, kisha huamua watashushia wapi samaki wao. Jambo lililobadilisha bei katika kijiji kile lilikuwa mnara, nami nikaufuta katika shoti ya kwanza ili kijiji kionekane kama hakijaguswa na kitu. Filamu ilikuwa inatoa ushahidi juu ya biashara, na mimi nikamwondoa shahidi mkuu.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja, nacho ni yule mzee. Kabla sijagusa kitu katika picha hujiuliza: mtu aliyekuwepo mahali pale, siku ile, akiiona shoti hii, atauliza kitu hiki kimekwenda wapi? Akiwa hatauliza, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa mbele yake, naweza kukiondoa. Vumbi lililonata kwenye lenzi, doa la kihisio cha kamera, mchubuko katika mkanda wa zamani: hivi havikuwa kijijini, vilikuwa katika chombo chetu. Lakini akiwa atauliza, basi kitu hicho ni cha mahali pale wala si changu, na sina ruhusa ya kukifuta kimyakimya, hata kama mwenye fedha ameomba na hata kama picha itapendeza.

Najua kuna watakaoniambia kwamba sisi hutia ukungu kila siku katika nyuso za watoto, namba za magari na majina ya maduka, na kwamba huko nako ni kuondoa. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Ukungu ukitiwa juu ya uso, kila anayetazama anajua kwamba pale pana uso na kwamba ameunyimwa. Kitendo chenyewe kinajitangaza. Kufuta kunamwambia mtazamaji kwamba hapakuwa na kitu. Ukungu unazuia habari, ilhali ufutaji unatoa habari ya uongo. Kwa hiyo unapotakiwa kumlinda mtu, tumia ukungu unaoonekana, na uwe mzito kiasi kwamba umbo la uso haliwezi kutambulika mtu anapotembea. Usiufute mwili wake barabarani kana kwamba hakupita.

Hali ya kumtaka mhariri afute kwa ajili ya usalama ipo, lakini ni nadra. Fikirini filamu ya faru, ambapo umbo la kilima nyuma ya mnyama linaweza kumwonyesha jangili mahali alipo, na ukungu juu ya kilima ungemwelekeza macho palepale. Hapo badilisha mandhari, lakini msimulizi aseme kwa sauti, shoti ikiwa bado inaendelea, kwamba mandhari imebadilishwa kwa usalama wa wanyama. Hakuna anayepoteza kitu kwa kuambiwa hivyo, na mtazamaji hataondoka akiamini kwamba ameona nchi asiyoiona.

Wala hili si jambo lililozaliwa na kompyuta. Mwaka 1910 hivi, mpiga picha Mmarekani Edward Curtis aliwapiga picha wanaume wawili wa watu wa Piegani, Little Plume na mwanawe Yellow Kidney, wameketi ndani ya hema lao, na baina yao palikuwa na saa ya mezani. Picha ilipochapishwa mwaka 1911 katika juzuu ya 6 ya mfululizo wake mkubwa juu ya Wahindi Wekundu, saa haikuwepo. Alikwisha kuifuta. Leo tunajua kwa sababu picha isiyofutwa ilihifadhiwa, na iko katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Tazameni kilichotendeka: mtu mwenye saa ni mtu anayeishi katika zama zako, na Curtis alitaka kuwaonyesha wasomaji wake watu wa zama zilizopita. Saa ilipoondoka, watu wawili waliokuwa hai wakageuzwa kumbukumbu. Kila ninapoikumbuka saa ile naukumbuka mnara wangu, kwa sababu neno lililotumika kwetu lilikuwa "asili", na karibu kila mara tunapoombwa kufuta kitu katika filamu za vijiji vyetu, neno ndilo hilo: ondoa bati, ondoa waya wa umeme, ondoa pikipiki.

Wengine hunijibu kwamba vitu vya waandishi wenyewe angalau vinaweza kufutwa, kwa kuwa si sehemu ya habari. Hapa pia tupunguze haraka. Mwezi Septemba 2013, mpiga picha Narciso Contreras, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la Associated Press, alimpiga picha mpiganaji wa waasi nchini Syria. Katika kona ya chini, upande wa kushoto, ilionekana kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Akaifuta kwa kuinakili ardhi iliyokuwa jirani yake. Januari 2014 shirika lilivunja uhusiano naye, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa wapiga picha wake walioshinda tuzo ya Pulitza, na ingawa walikagua karibu picha zake 500 nyingine bila kuona kosa jingine. Vijana huniambia adhabu ile ilikuwa kali mno kwa kitu kidogo kama kile. Mimi nasema kamera ile haikuwa kitu kidogo. Ilimwambia mtazamaji kwamba mpiganaji yule hakuwa peke yake, kwamba alikuwa akitazamwa na zaidi ya mtu mmoja, na mtu anayetazamwa na kamera mbili huenda asitende kama asiyetazamwa. Kipaza sauti chetu kikishuka kidogo juu ya kichwa cha tunayemhoji, sikatazi kukipunguza, na njia safi ni kuikata picha pembeni, kwa sababu kila mtu anajua mahojiano yana kipaza sauti. Uwanja wa vita ni jambo jingine.

Sasa, mtazamaji aambiwe wapi? Kwenye shoti yenyewe. Maandishi ya mwisho, yanayopita pamoja na majina ya madereva na wapishi, hayamwambii mtu kitu. Klipu ya dakika moja itakatwa, itatumwa kwa simu, na maandishi hayo yatabaki nyuma. Andika juu ya picha, kwa lugha ileile ya msimulizi, maneno yakae sekunde tano walau, na yataje kilichotendwa: "Mnara umeondolewa katika picha hii." Usiandike "baadhi ya picha zimeboreshwa", kwa maana kuboresha ni neno la kuficha. Na ukiona haya kuyaandika maneno hayo juu ya shoti yako, basi umekwisha kujua kwamba shoti hiyo haikupasa kuguswa.

Zamani siku zile mbili zilikuwa breki. Mtu alifikiri mara mbili kabla ya kukata makuti fremu 275. Sasa programu za kuhariri zinajaza pengo kwa dakika chache, na breki haipo tena. Mkaguzi basi atazame mahali ambapo mhariri hakutazama: vivuli, vioo, maji, madirisha ya magari, chembechembe za picha zilizoganda katika eneo moja huku kwingine zikichezacheza, ndege anayepita mbinguni akatoweka kwa fremu nne, kisha akarudi. Na kila mhariri aweke picha ghafi, pamoja na daftari lenye saa ya shoti, kwa mfano 00:00:03:12, kilichoondolewa, na jina la aliyeagiza.

Msimamizi ananionyesha saa. Nilikusudia kusema juu ya sauti, maana kufuta jenereta chini ya maneno ya mtu anayelalamikia kelele za jenereta ni kosa lilelile, na juu ya kuunganisha sentensi mbili za mtu zilizosemwa kwa umbali wa dakika nyingi. Hayo nitayajibu katika maswali. Kwa sasa naomba taa zizimwe. Nitaonyesha kwanza shoti niliyoiharibu, kisha ile iliyorudishwa mnara, iliyo katika nakala inayoonyeshwa hadi leo. Katika ile ya kwanza msitazame mbingu. Tazameni mchangani, kushoto, chini.